Kumwomba Radhi Mteja kwa Neno la Mwenzetu

Mlituomba tulizungumzie jambo ambalo husemwa sokoni zaidi kuliko linavyosemwa kituoni. Mtu anakuja kaunta kutafuta huduma, anajibiwa kwa ukali au kwa dharau, anaondoka na uchungu wake. Je, sisi tuliobaki, ambao hatukulitamka neno lile, tunamwombaje radhi? Tumeona ni heri tusijibu kwa maneno ya jumla. Tutawasimulia tukio moja lililotukia katika kituo kimoja kando ya mpaka huu wa Uganda na Kenya, ambalo tuliliharibu mara ya kwanza na kulirekebisha, kwa kiasi tulichoweza, mara ya pili.

Mama mmoja muuza samaki wakavu, wale wanaoitwa mukene upande huu na omena upande wa pili, alikuja kituoni saa 12 na nusu jioni. Alikuwa amepoteza pochi. Ndani yake mlikuwa na mauzo ya siku, simu, na kitambulisho chake cha taifa. Wakazi wa mpakani mnajua maana ya kupoteza kitambulisho saa hizo. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa, bila pasipoti. Basi kinapopotea, mtu amesimama upande wa pili wa daraja na nyumba yake anaiona, lakini hana cha kumwonyesha afisa wa uhamiaji. Taarifa ya polisi ya kupotelewa ndiyo mahali pa kuanzia. Mama huyo aliijia hiyo.

Askari wa kaunta alimwambia kwamba watu wa ng'ambo hupoteza vitambulisho kila siku, na kwamba arudi kwao akaripoti huko. Alipojaribu kueleza kwamba pochi ilipotelea upande huu, aliambiwa asubiri nje. Akasimama nje mpaka giza likaingia, kisha akaondoka. Alisema pia kwamba alichekwa. Habari zikatufikia siku ya tatu, kupitia kwa mwenyekiti wa soko.

Tulimwita kituoni. Tulikaa nyuma ya kaunta ileile, naye akasimama mbele yake. Tukamwambia maneno haya, na tunayarudia kama yalivyokuwa ili myapime wenyewe: “Mama, pole sana kwa yaliyotokea. Yule kijana alikuwa zamu tangu asubuhi, na siku hiyo watu walikuwa wengi. Tumekwisha mkemea vikali. Samahani kama ulijisikia vibaya. Lakini na wewe, mama, ungesubiri kidogo ungehudumiwa.” Akajibu, “Sawa tu, afande,” akaenda zake. Sisi tukaandika kwenye daftari letu kwamba jambo limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Wiki mbili baadaye mwenyekiti wa kijiji alituletea mama mwingine aliyenyang'anywa mzigo kwenye njia ya kinamasini. Ilikuwa siku ya sita tangu tukio. Mwendesha baiskeli aliyeshuhudia alikuwa amekwisha vuka na hajulikani alikokwenda. Nyayo zilikuwa zimekanyagwa na ng'ombe. Mzigo bila shaka ulikuwa umeuzwa. Tulipomuuliza kwa nini hakuja siku ileile, alitujibu kwa utulivu: “Mwenzangu alikuja, akaambiwa arudi kwao. Mimi ningeambiwa nini?” Hapo ndipo tulipofahamu kwamba neno moja la kaunta lilikuwa limefunga mlango wa kituo kwa safu nzima ya meza za samaki, na kwamba radhi yetu ile ya kwanza haikuufungua. Pengine iliukaza.

Turudi basi kwenye maneno yale, sentensi moja moja, maana kila moja lina ugonjwa wake.

“Pole sana.” Kiswahili chetu kina neno pole na kina neno radhi, na si ndugu wa tumbo moja. Pole humwambia aliyejikwaa, aliyefiwa, aliyenyeshewa. Ni neno la huruma, na mtu yeyote anaweza kulisema, hata yule asiyehusika kabisa. Ukimkanyaga mtu mguu ukamwambia pole, umejitoa kwenye jambo ulilolifanya wewe. Umesimama kando ukimhurumia kama mpita njia. Tulimpa yule mama pole kana kwamba dharau ilimnyeshea kutoka mawinguni. Nalo neno “yaliyotokea” lilisaidia kuficha. Mambo hayatokei yenyewe kwenye kaunta ya polisi. Yapo maneno mengine ya ukoo huohuo ambayo sisi watu wa ofisi tunayapenda mno: “kulikuwa na kutoelewana,” “palijitokeza changamoto.” Ndani ya maneno hayo hamna mtu. Linganisheni na neno “tumekukosea.” Hilo ni neno moja tu, lakini tumo ndani yake sisi, na yumo yeye, na kosa limekaa katikati. Msikilizaji hana haja ya kuuliza nani kamfanya nani nini.

“Alikuwa zamu tangu asubuhi.” Hilo lilikuwa kweli. Lakini ukweli wake haukuwa na kazi pale. Uchovu wa askari ni jambo letu la ndani, la kupanga zamu. Ukimpelekea mama aliyedharauliwa, unamwomba aubebe yeye. Anasikia kwamba ikiwa askari amechoka, dharau ni halali. Tumejifunza tofauti ndogo ambayo ni muhimu: maelezo hutolewa anapoyauliza mkosewa, tena baada ya kosa kukubaliwa na huduma kutolewa, udhuru hutangulia kabla hajauliza. Maneno yanaweza kuwa yaleyale. Mahali yanapowekwa ndipo panapoyageuza.

“Tumekwisha mkemea vikali.” Sentensi hii wengi wetu tulidhani ndiyo nzuri kuliko zote, na tunajua kwamba baadhi yenu mliokaa hapa mngependa kuisikia. Ina madhara matatu. Kwanza, inamtupa mtu mmoja mbele ya umma ili taasisi ibaki safi, wakati mama yule hakuja kwa kijana fulani. Alikuja kwa polisi. Pili, siku tulipoitamka tulikuwa bado hatujamsikiliza kijana mwenyewe, kwa hiyo ilikuwa hukumu bila kesi. Tatu, na hili huonekana baadaye, mama huyo atakuja tena kaunta, na atakayemkuta ni askari yuleyule. Tumekwisha mwonyesha kwamba kwa sababu yake mtu amekemewa. Je, atakuja kwa amani? Naye askari atampokea kwa moyo gani?

“Samahani kama ulijisikia vibaya.” Neno samahani lenyewe limechakaa kidogo, tunalitumia hata kupenya katikati ya watu kwenye foleni. Hata hivyo ugonjwa mkubwa umo kwenye “kama.” Kama maana yake ni kwamba huenda hukuumia, au umejiumiza mwenyewe kwa wepesi wa hisia. Kosa linahama kutoka kaunta na kuingia kifuani mwa mkosewa.

“Lakini na wewe.” Hapa hatuna haja ya kueleza. Yote yaliyotangulia neno “lakini” alikuwa amekwisha yasahau alipofika mlangoni.

Profesa Tom Tyler wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu kwa nini watu hutii sheria, alionyesha kwamba watu hupima vyombo vya sheria si kwa matokeo tu, bali pia, tena kwa uzito mkubwa, kwa namna walivyotendewa: kama walisikilizwa na kama waliheshimiwa. Nao watafiti wa chuo kikuu cha jimbo la Ohio wakiongozwa na Roy Lewicki walichapisha mwaka 2016 uchunguzi wa vipande vya radhi. Walikuta kwamba kipande chenye uzito kuliko vyote ni kukiri kwamba kosa ni langu, kikifuatiwa na kutoa namna ya kurekebisha. Na kwamba kipande chenye uzito mdogo kabisa ni kumwomba mtu asamehe. Tunawataja hawa si kwa kujionyesha wasomi, bali kwa sababu sisi tulikuwa tumefanya kinyume chake barabara: kukiri hakukuwapo, marekebisho hayakuwapo, na msamaha tuliudai kwa macho.

Sasa mara ya pili. Kabla ya kwenda tulifanya kazi ya nusu siku ambayo mara ya kwanza hatukuifanya. Tulifungua kitabu cha matukio cha kituo na kusoma jioni ile. Kitabu hicho huandikwa kila tukio kwa mfuatano, na mwananchi anayeripoti hupewa namba yenye ingizo, siku, mwezi na mwaka, ili akirudi kesho na keshokutwa asianze hadithi upya. Kwa saa ile hapakuwa na ingizo lolote. Hilo peke yake lilitosha kutuambia kwamba hakuhudumiwa. Kisha tukakaa na askari mwenzetu, bila kumfokea, tukamsikiliza. Alikubali kwamba alimwambia mama arudi kwao na kwamba alimwacha nje. Hakukubali kwamba alicheka. Alisema alikuwa akicheka na mwenziwe kuhusu jambo jingine.

Hapa pana swali ambalo wengi hulikwepa: utaombaje radhi kwa jambo ambalo pande mbili hazijakubaliana? Sisi tuliamua kuomba radhi, bila “kama” wala “lakini,” kwa yale matatu yaliyokuwa hakika: taarifa haikuandikwa, aliambiwa arudi kwao, aliachwa nje gizani. Kuhusu kicheko tuliamua tusimkanushe na tusimhukumu mwenzetu. Radhi haingoji uchunguzi umalizike, maana yale yaliyo hakika karibu sikuzote yanatosha. Wala radhi haipaswi kukiri kwa niaba ya mtu jambo analolikataa. Mwenzetu tulimjulisha tunakwenda kusema nini, neno kwa neno. Hatukumburuta aje kuomba radhi kwa kulazimishwa. Radhi ya kuamriwa huonekana usoni, na mkosewa huishia kuwa mtazamaji wa adhabu ya mtu mwingine.

Tukamuuliza mama, kupitia kwa mwenyekiti wa soko, angependa tukutane wapi. Alichagua sokoni, mezani pake. Mwanzoni hatukupenda, tulidhani chumba cha ndani kina staha zaidi. Mwenyekiti ndiye aliyetufungua macho: dharau aliipata hadharani, na wenzake wote wanaijua, basi radhi ya chumbani ingekuwa yetu na yeye tu, na soko lingebaki na habari ya kwanza. Wapo wengine ambao watataka faragha, hasa panapokuwa na siri ya nyumbani. Ndiyo maana huulizwa, hakisiwi.

Tulikwenda wawili, kwa miguu, tukiwa na sare lakini bila bunduki, saa 4 asubuhi baada ya pilikapilika za wanunuzi wa mapema. Gari la polisi tuliliacha makusudi. Gari likisimama mbele ya meza ya mtu, kabla hamjashuka majirani wamekwisha sema kwamba fulani anakamatwa, na hiyo ingekuwa fedheha ya pili. Yule aliyesema kwa niaba yetu alikuwa na cheo kuliko askari wa kaunta. Mdogo akitumwa kuomba radhi kwa ajili ya mkubwa wake, inaonekana kwamba jambo limetupwa chini ili lisiwasumbue wakubwa.

Maneno yalikuwa haya: “Shikamoo mama. Sisi tumetoka kituo cha polisi. Jioni ya Alhamisi ile ulikuja kwetu ukiwa umepoteza pochi yenye kitambulisho chako. Taarifa yako hatukuiandika. Tulikuambia urudi kwenu, tukakuacha nje mpaka giza likaingia. Tumekukosea. Tulipokuita baadaye tukakulaumu wewe, na hapo tukakukosea mara ya pili. Tunakuomba radhi kwa yote mawili. Tumekuja kuichukua taarifa yako sasa, ukiwa tayari; tutaiingiza kitabuni, na kabla ya saa 10 jioni tutakuletea namba yake hapa.”

Angalieni kwamba ndani yake hamna “yeye.” Aliyesema “rudi kwenu” alikuwa mtu mmoja, nasi tukasema “tulikuambia.” Wapo wenzetu waliolipinga hilo, wakidai ni kujitwika dhambi isiyo yetu. Jibu letu ni kwamba askari wa kaunta hakuyasema yale akiwa nyumbani kwake. Aliyasema akiwa amevaa sare yetu, nyuma ya kaunta yetu, akiwa na mamlaka tuliyompa. Mama alilisikia neno la polisi. Kusema “sisi” si ukarimu tunaomfanyia mwenzetu. Ni kueleza sawasawa alichokisikia mteja. Na faida yake ni kwamba askari hakutukanwa sokoni, wala hakufichwa. Jina lake halikutajwa, kosa lilitajwa lote.

Mama hakujibu upesi. Aliendelea kupanga samaki. Kimya cha namna hiyo ni kigumu sana kwa mtu wa sare, na hapo ndipo ulimi huteleza, ukaanza kueleza uchovu na zamu. Tulinyamaza pia. Kisha akauliza, “Yule aliyenifukuza yuko wapi?”

Swali hili lina mitego miwili. Ukisema ni kijana mzuri, mchapakazi, umemtetea. Ukisema ni mjeuri na tutamwonyesha, umemtupa. Tulimjibu: “Yuko kazini, mama. Alilolifanya linasikilizwa na mkubwa wake. Ulisema pia kwamba ulichekwa. Hilo nalo linasikilizwa, wala hatukukanushi. Adhabu hatuwezi kukuahidi, maana si sisi tunaoamua, lakini jibu likitoka tutakuletea. Na radhi hii haikufungi. Ukitaka kulalamika juu zaidi, haki hiyo unayo.” Tulisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo: Sheria ya Polisi ya Uganda inampa mtu yeyote, hata asiye raia, nafasi ya kuwasilisha malalamiko kwa maandishi dhidi ya askari, na kipo kitengo cha polisi kinachoshughulikia viwango vya kitaaluma kinachoyapokea. Radhi inayoishia kwa kumtaka mtu aondoe malalamiko imegeuka biashara.

Baadaye kidogo akauliza pia kwa nini siku ile hakupewa hata kiti. Alikuwa ameuliza, basi tukaeleza kwa sentensi moja: jioni ile askari alikuwa peke yake kaunta, na hilo tumelipanga upya, sasa wanakaa wawili kuanzia saa 11 mpaka saa 2 usiku, wakati watu wanavuka kwa wingi. Hatukuendelea zaidi ya hapo.

Hatukumuuliza kama ametusamehe. Hilo ni lake, na anaweza kulishika mwaka mzima akitaka. Wala hatukumtuma mzee yeyote akamshawishi, ingawa tunajua desturi zetu, na tunajua kwamba wazee wangekwenda kwa nia njema. Mjane au mama mchuuzi akizungukwa na wazee watano wenye fimbo akaambiwa asamehe, atasema amesamehe. Fedha pia hatukutoa, hata ya soda. Fedha kutoka mkononi mwa polisi kwenda kwa mlalamikaji, jamani, itasomeka kwa namna moja tu.

Tulichokipeleka ni namba. Saa 9 na nusu alasiri askari mmoja alirudi sokoni na kipande cha karatasi chenye namba ya ingizo, akamweleza aikariri au aitunze. Wakati wa kuandika taarifa mama alikuwa ametuambia jambo ambalo hakulitaja mara ya kwanza, wala asingelitaja kwa mtu anayemlaumu: rangi ya fulana ya kijana aliyembebea mzigo mchana ule, na kibanda alichokuwa akipumzikia. Siku ya nne kitambulisho kilipatikana kwenye kibanda cha kuchajia simu, kimeachwa na mtu asiyejulikana. Fedha na simu havikuonekana hadi leo. Hatukumficha hilo, tulimpelekea kitambulisho na kumwambia kwamba vingine bado.

Mtauliza tutajuaje kwamba radhi imepokewa. “Sawa tu, afande” si kupokelewa. Ni namna ya kumwondoa mwenye nguvu mbele yako kwa usalama. Dalili yetu ni nyingine, na ni ya kawaida sana. Mtu aliyeipokea huanza kutoa habari ndogo ndogo, hulalamika zaidi badala ya kunyamaza, hata huuliza swali la kero nyingine. Mama yule alipotuuliza habari ya taa iliyozimika njia ya kinamasini, tulijua kwamba ameanza kutuhesabu tena kuwa watu wa kuulizwa.

Kuna mipaka, na tunaitaja kwa uwazi ili maneno yetu yasije yakatumiwa vibaya. Haya yote ni kwa ajili ya ukali wa ulimi, dharau na kupuuzwa. Askari akimpiga mtu, akimdai fedha, akimweka mahabusu bila sababu, au akimtaka malipo kwa dhamana ya polisi ambayo ni bure, hilo si jambo la kuombewa radhi sokoni likaisha. Hilo ni la kushtakiwa. Mkubwa yeyote atakayekujieni na radhi nzuri kwa jambo la namna hiyo, pokeeni radhi kama mpendavyo, lakini andikeni malalamiko yenu palepale.

Viongozi wa bodaboda mlituuliza kama haya yanawafaa ninyi. Yanawafaa, maana abiria aliyetukanwa na dereva wenu hakumbuki jina la dereva, anakumbuka kituo. Mwenyekiti wa kituo akimwambia, “Huyo kijana ni mgeni hapa, sisi hatuko hivyo,” abiria anasikia kwamba kituo kimenawa mikono. Ajaribu kusema: “Dada, umepanda hapa kwetu, tukakutukana mbele ya watoto wako. Tumekukosea. Nauli yako hii hapa, na huyu mwingine atakufikisha.” Kurudisha nauli hapo ni sawa, kwa sababu alilipia safari na hakuipata, si zawadi. Mawakala wa forodha na wabadilisha fedha nanyi mtaona wenyewe ni kitu gani mteja wenu alikijia na hakukipata. Kirudisheni hicho kwanza kabla ya kutafuta kingine.

Jambo la lugha tusilisahau. Si kila anayevuka hapa anakijua Kiswahili cha kuombwa radhi. Wengine wanakijua cha bei na nauli tu. Tumekwisha ona askari akiomba radhi kwa Kiswahili kizuri, mzee akaitikia kwa kichwa, kumbe hakuelewa zaidi ya neno polisi. Mtafutieni mtu wa kumtafsiria katika Kisamia, Kiteso au lugha anayoota nayo, lakini asiwe mtoto wake, maana si vyema mtoto kusikia jinsi mzazi wake alivyodhalilishwa. Wala asiwe mshindani wake wa biashara.

Mama wa samaki tulimwomba ruhusa kabla ya kusimulia habari hii, akasema tuisimulie lakini tusimtaje. Alituambia pia kwamba taa ya kinamasini bado haijawaka. Tumelipeleka jambo hilo kwa baraza la mji kwa barua, na nakala ya barua tunayo hapa mezani kwa yeyote anayetaka kuisoma. Sasa tunapokea maswali, tukianza na wale waliokaa nyuma karibu na mlango.